Nilivyoipata taarabu YouTube nikiwa Kampala

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Alipokuja kukaa kwetu hapa Kisenyi, ombi lake lilikuwa moja tu: taarabu jioni, akichambua mboga. Lakini YouTube kwenye simu yangu ilishazoea Kampala. Ukiifungua ni kadongo kamu na vijana wa hapa, basi.

Nikaanza kwa kubadili lugha kuwa Kiswahili. Hapo nilijidanganya. Vitufe vyote vikasema Kiswahili, nyimbo zikabaki zilezile. Nikairudisha Kiingereza, nikagusa picha ya akaunti, nikaingia Settings, kisha General, kisha Location, nikatoa Uganda nikaweka Tanzania. Siku chache tu bongo flava ikaanza kujileta yenyewe, na singeli juu yake. Binti yangu alifurahi kweli.

Mama mkwe hakufurahi. "Mwanangu, hizi kelele ndizo taarabu?"

Nilivyoelewa ni kwamba kuweka nchi kunakuletea kile ambacho wengi wa nchi hiyo wanakitazama sasa, na wengi Tanzania sasa hivi wako kwenye bongo flava. Taarabu lazima uifundishe simu mwenyewe. Nikaandika "taarab" bila u ya mwisho, maana wengi wanaopandisha video huandika hivyo. Kwa ile ya asili nikatafuta vikundi kwa majina: Nadi Ikhwan Safaa, cha Zanzibar tangu 1905, na Culture Musical Club, cha 1958. Kwa ile ya kisasa yenye vijembe nikaandika "rusha roho". Kisha tukaziacha nyimbo ziishe, hata zile ndefu, bila kurukaruka. Kilichojipenyeza bila kuitwa nilikigusia vile vidoti vitatu, nikachagua Not interested. Ilichukua kama wiki moja na nusu, ukurasa wa mwanzo ukaanza kunukia udi.

Halafu mwanangu mdogo akashika simu Jumamosi nzima, katuni mtindo mmoja. Jumapili taarabu ikawa imesukumwa chini kabisa. Sasa mama mkwe ana akaunti yake humohumo kwenye simu, na mtoto haigusi.

Jueni pia kwamba Location haikuhamishi kweli. Matangazo bado ni ya Kampala, na video iliyofungwa isionekane Uganda itabaki imefungwa, kwa sababu hilo linaangaliwa kwa mahali intaneti yako inapotokea. Kwenye kompyuta nililazimika kuweka Tanzania upya.

Kwa bongo flava, nyota tano, kazi ya dakika moja. Kwa taarabu natoa tatu, maana kazi kubwa niliifanya mimi na bando langu. Mama mkwe yeye anasema sauti ya simu ni ndogo, ninunue spika.