Uzoefu wangu na trapu ya boya kwenye boila dogo la dobi

Ninaendesha boila dogo la dizeli kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa Tanga. Boila lina uwezo wa kutoa kilo 300 za mvuke kwa saa, nasi tunalitumia kwa presha ya bar 5, ambapo mvuke huwa na joto la nyuzi 159. Bomba la inchi 2, lenye urefu wa mita 30, hupeleka mvuke kwenye mashine ya rola ya kupigia pasi mashuka na pasi mbili za kukandamiza. Trapu ninayoieleza hapa nimeitumia kwenye rola kwa miezi 14.

Trapu ni kifaa kinachoruhusu maji na hewa vitoke kwenye njia ya mvuke, huku kikiuzuia mvuke wenyewe usitoroke. Wengi hudhani kwamba maji yakionekana kwenye bomba la mvuke basi boila lina kasoro. Kasoro inaweza kuwapo, lakini hata boila zima huwa na maji kwenye bomba lake, kwa sababu chuma baridi hula mvuke. Bomba letu lina uzito wa kilo 160 hivi. Asubuhi linakuwa na nyuzi 28, na kulifikisha nyuzi 159 kunageuza karibu kilo 5 za mvuke kuwa maji. Hizo ni lita 5 ambazo zimo ndani ya bomba kabla shuka la kwanza halijaguswa, na mchana kutwa huongezeka kidogo kidogo kila mahali ambapo joto linapotea.

Zamani maji hayo hayakuwa na pa kutokea. Yalilala pale bomba lilipobonyea katikati, mvuke ukapita juu yake kwa kasi na kuyainua mawimbi, hadi wimbi moja likaziba bomba zima na kurushwa kwenye kona kama gogo. Kishindo chake kilisikika hadi jikoni, na gasketi ya flanji iliyo karibu na kona hiyo niliibadilisha mara mbili katika mwaka mmoja.

Kwenye rola athari ilikuwa ya namna nyingine. Kilo moja ya mvuke wa bar 5 inapogeuka maji huachia kilojuli 2,086 bila joto lake kushuka hata nyuzi moja, na joto hilo ndilo linalokausha shuka. Maji yanayobaki, yasipoondolewa, hutanda kwenye ukuta wa rola kwa ndani, na kwa kuwa chuma hupitisha joto zaidi ya mara 70 kuliko maji, utando wa milimita moja tu unatosha kuupunguzia ukuta nguvu yake ya kupitisha joto. Mama anayesimamia rola ndiye aliyelitambua jambo hili kabla yangu. Aliniita akanishikisha shuka lililotoka wakati huo huo: upande wa kulia lilikuwa kavu na la moto, upande wa kushoto lilikuwa na unyevu kama nguo iliyoanikwa jioni. “Mwanangu, kila siku ni upande huu huu,” akasema. Upande wa kushoto ndiko maji yalikokuwa yakikusanyika.

Chanzo kilikuwa trapu moja iliyofungwa ili itumikie mashine zote tatu. Mpangilio huo una kasoro isiyotibika, kwani presha ndani ya mashine hizi hailingani: pasi inapopunguziwa kazi presha yake hubaki juu, husukuma hadi kwenye bomba la pamoja, na maji ya rola, yenye presha ndogo zaidi, hukosa njia. Kila mashine inahitaji trapu yake. Kwa hiyo tuliagiza trapu ya boya kwa ajili ya rola na za kisahani, zinazofunga kwa kisahani cha chuma badala ya boya, kwa ajili ya pasi.

Ndani ya trapu ya boya kuna tufe la chuma lenye uwazi ndani, mfano wa boya la tangi la choo, lililoshikwa na mkono unaofungua valvu. Maji yakiongezeka boya hupanda na valvu hufunguka kwa kiasi kile kile cha maji yanayoingia, kwa hiyo hayasubiri kujaa ndipo yatolewe. Juu yake kuna kapsuli inayotoa hewa trapu ikiwa bado baridi na kujifunga mvuke unapoifikia. Kwa rola nimeiona hii kuwa faida kubwa, kwa sababu asubuhi rola huwa imejaa hewa, na hewa huuzuia mvuke kuingia.

Trapu ya kwanza tuliyoletewa ilinitesa siku tatu. Asubuhi ilifanya kazi vizuri kabisa, lakini boila lilipofika bar 5 rola ilipoa. Mashine zote zilipovuta mvuke kwa pamoja na presha ikashuka, trapu ilifunguka ghafla ikatema maji mengi, kisha ikafunga tena. Niliifungua nikidhani ina uchafu, nikaikuta safi. Jibu lilikuwa kwenye kibao chake: `ΔPMX 4.5 bar`. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kabisa ya presha, kati ya kuingilia na kutokea, ambayo boya linaweza kuishinda. Ikizidi hapo, presha hukandamiza valvu kwenye kiti chake, na boya hata likizama lote kwenye maji halina nguvu ya kuifungua. Tulibadilishiwa tukapewa ya bar 10, na tangu siku hiyo shuka hutoka kavu pande zote mbili. Anayenunua asome namba hiyo kabla ya kulipa, wala asitosheke na kipimo cha bomba.

Kabla ya kuifunga nilitibu bomba kuu kwanza, kwa kuwa kishindo cha maji huweza kuliponda boya. Nililiinua bomba literemke sentimita moja kwa kila mita kuelekea mashine, na mwishoni nikaweka mfuko wa kukusanyia maji, wenye upana sawa na bomba lenyewe, pamoja na trapu ya kisahani chini yake. Kila trapu ina chujio mbele yake, kwani kutu ya bomba kuukuu hukaa kwenye kiti cha valvu na kuifanya ivuje.

Kasoro nilizoziona ni mbili. Trapu hii ni nzito na bei yake ilizidi mara mbili ya ile ya kisahani, na katika mwezi wa 12 wa kuitumia kapsuli ya hewa ilichoka ikaanza kupitisha mvuke. Niliitambua kwa valvu ya majaribio iliyo baada ya trapu. Hapa uangalifu unahitajika, kwa sababu maji ya bar 5 yakifika hewani, takriban asilimia 11 yake hugeuka mvuke tena hata kama trapu ni nzima. Mvuke huo huwa wingu jeupe, legevu, lililochanganyika na maji. Mvuke wa boila unaovuja kupitia trapu mbovu hutoka kwa nguvu bila kukoma, na karibu na mdomo wa bomba kuna nafasi isiyoonekana kitu kabla weupe haujaanza. Siku ile niliiona nafasi hiyo, kama upana wa vidole vitatu. Nilibadilisha kapsuli peke yake, bila kulifungua bomba, na kazi ilichukua chini ya saa moja baada ya trapu kupoa.