Nimelipia programu ya kubinadamisha maandishi, imenirudishia "neva za damu"

Jina lake silitaji, maana nikilitaja kuna watakaokwenda kuijaribu. Ni moja ya hizi programu zinazojinadi kwamba zinabinadamisha maandishi: unabandika kazi yako upande mmoja, unabonyeza kitufe, na upande wa pili inatoka kazi ambayo eti hakuna kigunduzi kitakachoijua kuwa ni ya mashine ya akili bandia. Utangulizi na kipande cha katikati cha asaimenti yangu vilitoka kwenye mashine, vingine vyote niliandika mwenyewe. Mwenye mahubiri kuhusu hilo ayaweke. Hapa nazungumzia bidhaa niliyoitolea pesa.

Asaimenti ilihusu shinikizo la damu. Sentensi mojawapo ilisomeka hivi kabla sijaibandika: "Shinikizo la juu la damu huharibu mishipa midogo ya damu kwenye figo, na huenda mgonjwa asihisi dalili yoyote kwa miaka mingi." Sasa tazama kilichotoka: "Msukumo wa kileleni wa damu huangamiza neva ndogondogo za damu kwenye figo, na mgonjwa hahisi ishara yoyote kwa miaka tele."

Miaka tele nimeisamehe. Lakini neva za damu! Mishipa ya fahamu ndiyo neva, hiyo hupeleka taarifa kati ya ubongo na mwili, haipitishi damu. Programu imeona neno "mishipa", ikakuta mahali fulani kwamba "neva" nayo ni mishipa, ikabadilisha bila kujali kwamba mbele yake pameandikwa "ya damu". Halafu kuna kosa la pili ambalo mimi mwenyewe nilipitiwa nalo niliposoma haraka, na ndilo linaloniudhi zaidi: neno "huenda" limeondoka. Mwanzo nilisema mgonjwa anaweza kukaa bila dalili. Sasa nasema hahisi kitu kabisa, kila mgonjwa, siku zote. Hilo si suala la mtindo, ni madai mengine kabisa, na yako chini ya jina langu.

Sehemu nyingine "kipimo cha damu" kimekuwa "mtihani wa damu". Mtafiti mmoja ambaye jina lake la ukoo ni neno la kawaida la Kiswahili amepewa jina jipya, kwa hiyo ndani ya kazi anaitwa hivi na kwenye orodha ya marejeo anaitwa vile. Na nukuu! Nilikuwa na maneno ya mwandishi ndani ya alama za kunukuu, programu ikaingia humo humo ikayabadilisha, alama ikaziacha. Yaani nimemsingizia mtu maneno ambayo hakuyasema, na nimeweka hadi namba ya ukurasa.

Kwa nini inafanya hivi? Vigunduzi vingi hupima, pamoja na mengine, jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Mashine hupenda neno linalotarajiwa, na urefu wa sentensi zake haupandi na kushuka sana. Basi programu ya kuficha inafanya kinyume chake kwa nguvu: inatafuta neno ambalo halitarajiwi, inakata sentensi hapa, inaunganisha pale. Tatizo ni kwamba kwenye kazi ya kitaalamu neno linalotarajiwa mara nyingi ndilo neno sahihi. Mishipa ya damu haina jina mbadala la kunogesha. Ukilikimbia neno hilo kwa sababu linatabirika, unatua kwenye kosa.

Na si Kiswahili peke yake kinachoumia. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac na wenzake walionyesha makala za kisayansi za Kiingereza zenye misemo iliyopotoshwa namna hii hii: akili bandia imekuwa kitu kama "fahamu ya kughushi", saratani ya matiti imekuwa "hatari ya kifuani". Wasomaji waliwakamata waandishi kwa misemo yenyewe. Kujificha kwao ndiko kulikowafichua.

Niwe mkweli kidogo: alama ya kigunduzi ilishuka. Kigunduzi kilichomo ndani ya programu yenyewe kilisema kazi ni ya binadamu asilimia 100, na kingine cha bure nacho kililegea. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu. Kisha nikajaribu kigunduzi cha tatu, alama ikapanda kuliko ya kazi ya awali. Kila kigunduzi kimefunzwa kivyake, na muuzaji anakuonyesha kile anachokijua yeye. Ni kama mgombea anayehesabu kura zake mwenyewe. Nyota mbili, basi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, nikawawekea sentensi zote mbili. Jibu lilikuwa hili: "Ndugu mteja, kazi yako imepita kwa asilimia 100. Tunakushauri uboreshe Kiswahili cha matini yako ya awali." Kiswahili changu! Neva za damu wametia wao, halafu mimi ndiye nijifunze Kiswahili! Nyota moja, na hiyo ni kwa kasi tu.

Hata hiyo naiondoa, maana kuna jambo nililigundua baadaye. Nilipotaka kurekebisha kazi nilitafuta neno "damu" kwa Ctrl+F. Naliona kwenye skrini, limejaa ukurasa mzima, lakini kompyuta inapata machache tu. Kumbe baadhi ya herufi "a" si "a" yetu. Ya kawaida kwenye kompyuta ni U+0061. Hizi ni U+0430, herufi ya Kisirili inayofanana nayo kwa macho. Ni hila ya kukivuruga kigunduzi kisilisome neno. Lakini mifumo ya kukagua kazi inaweza kuzitambua herufi za kigeni zilizochomekwa ndani ya neno, na ikizikuta hapo huna pa kujitetea. Sentensi iliyopooza unaweza kusema ni uandishi wako. Herufi ya Kisirili katikati ya neno "damu" utasema umeiandikaje?

Mhadhiri wangu hakutaja alama ya kigunduzi hata mara moja. Alizungushia "neva za damu" kalamu, na pembeni ya nukuu akaandika: "Nani kasema hivi?" Kisha akaniita.

"Nieleze, shinikizo linafanya nini kwenye figo?"

Nikamweleza mishipa midogo inavyokakamaa na kuwa myembamba, damu inavyopungua, kichujio kinavyoanza kupitisha protini kwenye mkojo.

"Sasa mbona hukuandika hivyo?"

Alinipa muda wa kuirudisha. Faili la zamani lilikuwepo, sehemu zangu nikazichukua kama zilivyokuwa, zile za mashine nikaziandika upya kutoka kwenye vitabu. Kutoka toleo lililobinadamishwa sikuchukua hata aya moja, kwa sababu kunakili na kubandika kunakuja na zile herufi.

Pesa sijarudishiwa. Nimewaandikia tena kuhusu U+0430, wamenijibu kwamba hicho ni kipengele cha kifurushi cha juu na nina bahati kukipata bila kulipia zaidi.