Uzoefu wangu: eksirei inapigwa Pate, inasomwa ng'ambo

Ni mwezi wa kumi na moja sasa tangu kliniki yetu hapa kisiwani Pate ianze kulipia huduma ya kusomewa eksirei na madaktari wa radiolojia walio mbali, wengine Mombasa, wengine Nairobi. Mimi ni afisa wa kliniki. Mguu uliovunjika nauona mwenyewe bila kuambiwa. Kifua ndicho kinachonitesa, na ni kwa sababu ya kifua kimoja naandika haya.

Alikuja mkwezi wa minazi, mzee wa miaka hamsini na kitu, kaanguka kutoka karibu nusu ya mnazi. Alitembea mwenyewe hadi mlangoni, mkono umeshika ubavu wa kushoto. "Mbavu hizi zanichoma nikivuta pumzi, mwanangu," akasema, kisha akataka dawa ya maumivu aende zake. Kipimo cha kidoleni kilisoma 94. Tukampiga picha ya kifua amesimama.

Kwa mazoea ya zamani, nikafanya kosa. Niliipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu na kumtumia daktari mmoja rafiki yangu. Akajibu upesi, kwa wema kabisa: haoni tatizo. Nami nilitazama skrini ileile nikaona vivyo hivyo. Ila mzee alikuwa anapumua kwa vipande vipande, na hilo halikunikaa vizuri. Nikaamua kulituma faili lenyewe kwa huduma, nikibonyeza kitufe cha dharura.

Hapa nieleze tofauti, kwa sababu wenzangu wengi wanadhani ni picha ileile. Mashine inatoa faili la DICOM, linaloishia na .dcm. Letu la kifua huwa kama megabaiti 15. Ndani yake kila nukta inaweza kuwa na kiwango kimojawapo kati ya 4,096, kuanzia cheusi hadi cheupe. Skrini ya kawaida haiwezi kuonyesha vyote kwa pamoja, kwa hiyo msomaji hufungua sehemu ndogo ya vivuli hivyo, akaitanua, akaisogeza: mara aone mbavu, mara aone pafu, mara aone kilicho nyuma ya moyo. Picha ya simu ina viwango 256 tu, tena imeshabanwa ili ipite haraka. Alichoona rafiki yangu ni mkao mmoja tu wa vivuli, ule niliouacha mimi kwenye skrini, pamoja na mwanga wa dirisha langu ulioakisi juu ya kioo na mistari ya mawimbi inayotokea ukiipiga skrini kwa kamera. Hakukosea yeye. Mimi nilimnyima cha kusoma.

Kutuma kwenyewe ni rahisi. Kwenye kompyuta ya eksirei kuna programu ndogo inayolichukua faili, inalibana bila kupoteza nukta hata moja, inalifunga kwa siri na kulipeleka. Mtandao ukikatika linangoja kwenye foleni na kuendelea lilipoishia. Mchana linafika kwa dakika tatu au nne. Baada ya Isha, vijana wakiwa wote kwenye simu zao, nimewahi kungoja dakika ishirini na tano.

Kinachotaka akili ni fomu. Miezi ya mwanzo nilikuwa naandika "maumivu ya kifua" na kurudishiwa ripoti ya mistari miwili isiyonisaidia, nikawalaumu wao. Siku hiyo niliandika: mwanamume, miaka 54, ameanguka kutoka mnazini leo asubuhi, maumivu ubavu wa kushoto chini ya kwapa, oksijeni 94, je kuna mbavu zilizovunjika au hewa nje ya pafu? Ukiuliza hivyo, msomaji anajua pa kukaza macho.

Baada ya dakika 35 simu ililia. Hawakungoja ripoti iandikwe. Jambo la hatari hupigiwa simu kwanza, na hilo nawasifu. Daktari akanitaka nifungue picha nami huku tunazungumza. "Nenda juu kabisa kushoto, chini ya mfupa wa bega. Geuza rangi, cheupe kiwe cheusi. Unaona uzi?" Nikauona. Mstari mwembamba kama unywele, umepinda sambamba na ukuta wa kifua, na nje ya mstari huo hakuna hata mshipa mmoja wa pafu. Ni ukingo wa pafu lenyewe, limeachana na ubavu, hewa imeingia katikati. Na mbavu mbili, ya sita na ya saba, zimepata ufa pembeni.

Hewa ilikuwa kidogo, akasema, lakini inaweza kuongezeka. Apewe oksijeni, na picha irudiwe baada ya saa chache, mahali penye mtu wa kuweka mpira wa kutoa hewa ikibidi. Sisi hatuna. Ulikuwa msimu wa kusi, maji yamekupwa, na mkondo wa Mkanda tunaopitia kwenda Lamu haupitiki vizuri maji yakiwa chini. Tukangoja yajae, mzee akiwa kwenye oksijeni nami nikimsikiliza kifua kila robo saa, kisha tukamsafirisha hadi Lamu mjini na mtungi, na sindano nene ya kutolea hewa mfukoni mwangu iwapo pumzi ingembana njiani. Haikuhitajika.

Ripoti iliyoandikwa ilikuja baadaye: picha ilivyopigwa, kilichoonekana, hitimisho, jina la daktari na namba yake ya usajili. Namba hiyo itazameni kila mara. Ripoti isiyo na mtu nyuma yake mimi siipokei.

Sasa lawama. Mwezi wa tatu tulirudishiwa ripoti ya kiganja iliyosema kidole cha mkono wa kulia, na aliyeumia kaumia wa kushoto. Nilipandisha sauti kwenye simu bure. Mpiga picha wetu alikuwa hakuweka herufi ya risasi ya L kwenye kaseti, kisha picha ikageuzwa kwenye kompyuta. Kifua kikigeuzwa utajua, maana ncha ya moyo na kiputo cha hewa ya tumbo huhamia upande usio wao. Kiganja hakina moyo. Msomaji wa mbali hana mgonjwa mbele yake wa kumwuliza. Walisahihisha kwa kuongeza maelezo chini ya ripoti, ile ya kwanza ikabaki palepale isomeke, na ndivyo inavyopasa. Lakini ningependa wangenipigia kuuliza pale walipoona picha haina alama, badala ya kukisia.

Jambo jingine, ripoti zisizo za dharura wanaahidi ndani ya saa 24, na mwisho wa wiki mara nyingi zinapita. Na hawana picha za zamani za wagonjwa wetu isipokuwa tulizowatumia wenyewe, kwa hiyo doa la pafu lililokuwapo miaka kumi wanaweza kuliita jipya. Siku hizi mgonjwa akija na filamu yake ya zamani kwenye bahasha, naandika kwenye fomu ripoti yake ilisema nini na ya mwaka gani.

Tunalipa shilingi 700 kwa picha, dharura 1,200. Nauli ya boti ya dharura kwenda Lamu mnaijua wenyewe. Naendelea nao. Yule mzee alirudi baada ya siku tano, pafu limejaa. Picha yake ya pili tuliituma kwa daktari yuleyule na ya kwanza ikiwa kando, akaandika: uzi hauonekani tena. Mnazini nimemkataza kwa miezi miwili. Wiki iliyopita nimemwona amesimama chini ya mmoja, anahesabu madafu.