Nimelipia programu ya kutunga majina: kisiwa kimoja, lugha tatu

Nina hasira, kwa hiyo nitasema mapema: msiinunue. Jina lake siliandiki hapa, wenyewe wanajijua.

Ninaandika hadithi ya watu wa kisiwani wanaoishi kwa kuchemsha chumvi. Nilitaka koo zao, vijiji vyao na watawala wao wasikike kama watu wa lugha moja. Programu inakuruhusu kuchagua konsonanti na irabu zako. Nikachagua kwa makini: t, k, g, b, d, m, n, s, l, r na irabu tano. Sikutaka f, v wala z. Kila silabi iishe kwa irabu, au kwa n tu. Nikabonyeza "kijiji", majina yakaja mazuri kabisa, nikafurahi. Nikabonyeza "mtawala": Vrazhak. Zulfex. Nikadhani nimekosea kubonyeza, nikarudia. Vorthan! Kumbe kila ukibadilisha aina ya jina, orodha yako ya sauti inatupwa na programu inachota kwenye ghala lake jingine. Ukoo nao una ghala lake. Huyo Vrazhak amezaliwa wapi, kama kisiwa kizima hakuna mtu mwenye v kinywani?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Kijana aliyenijibu akasema: "Dada, msomaji haangalii hayo. Majina ni pambo tu." Pambo! Huyu hajawahi kutazama ramani ya Uganda? Buganda ni nchi, Baganda ni watu, Muganda ni mmoja wao, Luganda ni lugha yao. Ukitoka hapo ukakutana na Banyoro, hakuna haja ya kuambiwa kwamba nchi yao ni Bunyoro. Msomaji anashika utaratibu huo bila kufundishwa, na ukivunjika anahisi kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Basi nikaifanya mwenyewe kwa daftari. Nilianza na mizizi, siyo majina: tika ni jiwe, mela ni chumvi, gonu ni mto. Kijiji kinapata -ndo mwishoni: Tikando, Melando, Gonundo. Ukoo unapata so- mwanzoni, mtawala anapata ena-. Halafu nikaweka kanuni moja ya sauti: t ikikaa kati ya irabu mbili inageuka r. Kwa hiyo ukoo wa Tikando si Sotika, ni Sorika, na mtawala wao ni Enarika. Hapo ndipo lugha inapoanza kuonekana, maana jiwe lilelile lina sura mbili na zote zina sababu. Sharti ni kwamba kanuni ipite kila mahali. Ukiacha Enatika mmoja kwa sababu unampenda, umeharibu.

Kisha nikachakaza majina ya zamani. Mji mkongwe unatajwa kila siku, lazima ulike. Gonundo ikapoteza u ya katikati, n mbili zikawa moja, ikabaki Gondo. Mambo haya yapo kwetu: Mkwawa wa Wahehe ni ufupisho wa Mukwavinyika. Lakini usichakaze yote. Vijiji vipya nimeviacha virefu, na msomaji makini ataona upi ni mji wa kale.

Tatizo lililobaki ni kwamba koo zote sasa zinaanza na So-. Sorika, Somela, Sogonu: kwenye ukurasa mmoja macho yanazichanganya. Kwa hiyo wahusika wanaotokea mara nyingi nawaita kwa mzizi peke yake, jina kamili linakuja kwenye baraza au kwenye kiapo.

Niwe mkweli, kile kitufe cha "kijiji" kilinisaidia. Gonu ilitoka humo, na mela pia. Mtu anayetaka mizizi ya kuanzia, akakaa kwenye kitufe hicho kimoja bila kugusa vingine, atapata kitu. Labda nilikuwa mkali mno pale juu.

Ila hapana. Nilipoomba nirudishiwe fedha, yule kijana aliniambia nimeshatumia huduma, kwa hiyo nimeridhika. Nimeridhika! Kabla hujalipia programu yoyote ya aina hii, tumia siku za majaribio ya bure hivi: toa majina kama ishirini ya vijiji na ishirini ya watawala, yachanganye, kisha mpe mwenzako ayatenganishe. Akiyatenganisha kwa viambishi, sawa. Akiyatenganisha kwa sababu upande mmoja umejaa z na x ambazo upande wa pili hauna hata moja, funga na uifute. Mimi usajili nimeshausitisha, na bado wananitumia barua pepe za kunikaribisha tena.