Pawabenki ya 10,000 kwenye safari ya siku nzima ya kupiga picha: uzoefu wangu

Naanza na hili maana ndo watu wengi wanalalamikia. Pawabenki imeandikwa 10,000 mAh, simu yangu betri yake 5,000, sasa mtu anapiga hesabu ya haraka anasema hapo nachaji mara mbili. Haiko hivyo jamani. Ile 10,000 ni ya betri za ndani zenye volti 3.7, na umeme ukitoka kwenda kwenye simu unapandishwa kuwa volti 5, njiani kuna unaopotea kama joto. Geuza pawabenki yako usome yale maandishi madogo ya nyuma, yangu imeandikwa 6,000 mAh kwa 5V na hiyo ndo namba ya kuamini. Kwa hiyo kwa simu yangu napata chaji moja kamili na kitu kama theluthi hivi juu yake. Sio wizi, ndo inavyofanya kazi, ila ukipata nusu tu ya hapo ujue umeuziwa feki.

Je inatosha kwa siku nzima? Inatosha, ila usiiachie simu ijilie chaji yenyewe. Nikitoka alfajiri na asilimia 100 siichomeki kabisa mpaka ishuke kwenye 30 hivi, halafu nachaji tukiwa barabarani, simu iko kivulini na skrini imezimwa. Ikifika 80 nachomoa. Kutoka 80 kwenda 100 inakwenda taratibu mno na simu inakaa na joto muda mrefu bila faida ya maana. Na kupiga picha juani huku waya umechomekwa usijaribu, simu inachemka, skrini inajipunguza mwanga yenyewe na chaji inaanza kusuasua au inagoma kabisa, utadhani pawabenki mbovu kumbe simu inajilinda.

Kitu kinachokula chaji kimyakimya safarini ni mtandao. Mkiwa sehemu zenye mnara mmoja mbali huko, simu inahangaika kutafuta signo na inatumia nguvu nyingi kuliko kawaida, hata kama hujaigusa. Mimi kwenye vipande hivyo naweka fulaiti modi, kamera inafanya kazi vilevile, nikifika penye mtandao natoa. Cha pili ni mwanga wa skrini. Juani unaupandisha mpaka mwisho uone unachopiga, sawa, lakini basi usikae unapitia picha mojamoja na kuzihariri palepale, hiyo kazi ya jioni.

Sasa nafasi. Watu wanahangaika kufuta picha wakati mlaji mkubwa ni video. Kwenye iPhone setingi za kamera zenyewe zinakuonyesha: dakika moja ya 4K kwa fremu 30 ni kama MB 170, ya 1080p kwa fremu 30 ni kama MB 60. Ukirekodi dakika 20 kwa siku, hapo ni GB 3.4 dhidi ya 1.2, na kama video zako zinaishia kutazamwa kwenye simu tofauti utaiona kwa shida. Mimi asubuhi naweka 1080p, na zile picha zinazocheza kidogo ukizibonyeza nazima, maana kila moja inabeba kipande cha video ndani yake.

Ikijaa katikati ya siku, angalia hapa: ukifuta picha haziondoki, zinahamia kwenye pipa la taka na bado zinashika nafasi ileile. Kwenye iPhone zinakaa Recently Deleted kwa siku 30. Mtu anafuta mamia ya picha, anaona bado simu inasema imejaa, anapaniki. Ingia humo uzifute tena, ila hapo hakuna kurudi, zikague kwanza.

Kwenye Google Photos kuna mtego mwingine. Kama bakapu imewashwa na unafuta picha kawaida, inaondoka kwenye simu na kule mtandaoni pia. Ukitaka itoke kwenye simu tu ibaki kule, tumia Free up space, yenyewe inagusa zile zilizokwisha kupanda tu. Na bakapu kwa data nazima mchana kutwa, inakula bando, inakula na chaji, naiacha ipande usiku nikipata waifai na simu iko kwenye umeme.

Kwa wanaopanda ndege, hii yangu ni Wh 37, kikomo cha kawaida ni 100 kwa hiyo haina shida, ila inakaa kwenye begi la mkononi, sio la kupakia chini.

Ningeinunua tena? Ndio, kwa mtu mmoja na simu moja, inakaa mfukoni na haichoshi. Mkiwa wawili mnagawana basi chukueni ya 20,000 mvumilie uzito, maana hii haitawafikisha jioni.