Akaunti yangu ilikuwa imelala: nilivyoifufua kwenye tawi la Kariakoo

Nimerudishiwa akaunti yangu ya akiba na hela yangu iko salama, kwa hiyo kwa huduma ya dawatini naipa benki hii alama nzuri. Kwa namna walivyoiacha ilale bila mimi kupata habari, na kwa makato niliyoyakuta, siwapi. Naandika kwa urefu kwa sababu watu wengi hapa Dar wana akaunti za aina hii, za mshahara wa kazi ya zamani au za mkopo uliokwisha, na wengi wanadhani hela ile imeshapotea. Haijapotea. Ila benki haiitoi kwa sababu tu unajua namba ya akaunti.

Akaunti ilikuwa ya mshahara. Mwaka 2017 mwajiri wangu alihamishia mishahara benki nyingine, nami nikabakiza humo akiba kidogo ya ada ya mtoto. Mara ya mwisho mimi mwenyewe kuigusa ilikuwa Machi 2017, ikiwa na shilingi 1,186,400. Baada ya hapo benki iliendelea kukata shilingi 1,500 ya uendeshaji kila mwezi, na hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunaona salio linasogea, tunaamini akaunti iko hai. Yule dada wa huduma kwa wateja alinieleza vizuri sana: muamala unaohesabika ni ule unaofanywa na mteja au kwa agizo lake. Kuweka, kutoa, kuhamisha. Makato ya benki hayahesabiki, na riba ambayo benki yenyewe inaiingiza haihesabiki pia, kwa sababu hayo yote mfumo unayafanya hata kama mwenye akaunti yuko kaburini.

Kwenye benki yangu, miezi 12 bila muamala wa mteja inatosha akaunti kuitwa isiyotumika, na ikiendelea kukaa hivyo inakuwa domanti kabisa. Benki nyingine zina muda wao, uliza yako. Ikishafika hapo kadi haifanyi kazi, huduma ya simu inafungwa, na hata mhudumu wa dirishani hawezi kukutolea kitu.

Taarifa walituma, naamini, kwa sababu niliziona zimeorodheshwa kwenye kompyuta yao. Shida ni kwamba zilikwenda kwenye namba ya simu niliyoifungulia akaunti, laini ambayo ilizimwa wakati wa usajili wa alama za vidole, ule uliofikia ukomo wake Januari 2020. Barua pepe yangu wanayo, sanduku la posta wanalo, na jina la ndugu wa karibu lipo kwenye fomu ya kwanza. Hakuna hata kimoja kilichotumika. Benki inayoona ujumbe wake haufiki kwa miaka ilipaswa kujaribu njia nyingine, na hili nimewaandikia kwenye fomu ya maoni.

Sasa dawatini. Nilidhani nitaulizwa habari za hela. Maswali yote yalikuwa juu yangu: je, wewe ndiye uliyefungua akaunti hii? Nilifungua kwa kitambulisho cha mpiga kura, jina likaandikwa Hadija. Kitambulisho changu cha NIDA kinasema Khadija, na kina jina la tatu ambalo benki hawakuwa nalo. Dada alipoingiza ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20 na kunipima alama za vidole, mfumo ulinitambua mimi kama mimi. Ila jina lililorudi halikulingana na lililo kwenye akaunti, na kufufua kukakwama hapo hapo.

“Mama, mfumo unaona watu wawili,” aliniambia. “Tuletee karatasi inayowaunganisha.”

Karatasi hiyo, kwa tofauti ndogo kama yangu, ni hati ya kiapo. Unakwenda kwa wakili, unaapa kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, anaweka sahihi, mhuri na stempu. Hakikisha majina yote mawili yameandikwa humo kama yalivyo, herufi kwa herufi: la akaunti kama lilivyo benki, la NIDA kama lilivyo NIDA. Wakili wangu alitaka kuandika jina la akaunti kwa kirefu, na ningemwacha, hati ingekuwa inazungumzia jina jingine ambalo halipo popote. Aliyebadili jina kwa ndoa anapeleka cheti cha ndoa. Aliyebadili jina zima kwa hiari yake anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kiapo cha kawaida hakitamsaidia.

Nilibeba pia barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, picha mbili za pasipoti na kadi ya zamani ya benki. Ile kadi ilikuwa imeshakwisha muda lakini ilisaidia, kwa kuwa ni ushahidi wa uhusiano wa zamani. Kitabu cha akiba au hati ya mshahara yenye namba ya akaunti ingefanya kazi ileile. Sahihi yangu ilikuwa imebadilika nayo, wakanipa fomu ya kuweka sahihi mpya palepale.

Kuna watu kwenye foleni walikuwa wanalalamika kwamba wanasumbuliwa kwa hela yao wenyewe. Nawaelewa, ila katika hili niko upande wa benki. Akaunti iliyolala haina mtu anayeiangalia, na mwizi anayeijua zaidi ni yule anayeweza kuiona kutoka ndani. Ndiyo maana aliyepokea fomu yangu hakuweza kuifungua akaunti peke yake. Aliingiza taarifa, kisha msimamizi wake akaziidhinisha kwa jina lake mwenyewe, na tawi nililofungulia likathibitisha fomu yangu ya zamani. Usumbufu huo ndio uliolinda akiba yangu miaka yote hiyo.

Jambo la simu nalisisitiza. Kabla ya kukubali akaunti ifunguliwe, omba namba ya zamani iondolewe kwanza kwenye akaunti na kwenye huduma ya kibenki ya simu. Laini ikizimwa, kampuni ya simu inaweza kuigawa tena kwa mtu mwingine. Namba ile ingebaki, akaunti ingeamka na ujumbe wenye namba za siri za uthibitisho ungekwenda kwa mtu nisiyemjua. Namba mpya unayopeleka iwe imesajiliwa kwa NIDA yako, si ya mume wala ya mtoto. Piga *106# uangalie jina linalotokea. Yangu ilikuwa sawa, ila mzee aliyekuwa mbele yangu alirudishwa kwa sababu laini yake ilisajiliwa na mjukuu.

Akaunti ilipokubaliwa, kabla ya kufurahi niliomba taarifa kamili ya akaunti tangu Machi 2017. Ombeni hii jamani, msiridhike na salio peke yake. Makato ya mwezi yalikwenda miezi 12, yaani 18,000, yakasimama akaunti ilipoitwa isiyotumika. Hilo ni sawa na masharti yao. Ila ada ya kadi, shilingi 10,000 kwa mwaka, iliendelea kukatwa mwaka 2018, 2019, 2020 na 2021, wakati kadi yenyewe imekwisha muda mwishoni mwa 2019. Ada mbili za mwisho zilikuwa za kadi ambayo haipo. Salio lililosomeka ni 1,128,400. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha taarifa ya akaunti na nakala ya kadi inayoonyesha tarehe ya mwisho, nikaomba 20,000 irudi. Ilirudi, nikawa na 1,148,400. Wangekataa ningekwenda Benki Kuu, ambayo inapokea malalamiko ya wateja wa benki, lakini lazima uwe umeanzia kwenye benki yako na una nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kwa hiyo barua yoyote unayopeleka, beba nakala igongwe mhuri.

Kufufua kwenyewe hakukuwa na malipo. Akijitokeza mtu nje ya tawi anayesema ana ndugu ndani wa kuharakisha, mpite tu.

Kuna hatua moja ndogo ambayo usipoifanya kazi yote inaharibika. Akaunti ikishaamshwa, fanya muamala wako mwenyewe siku hiyohiyo. Mimi niliweka 10,000 dirishani kisha nikatoa 20,000 kwa kadi mpya ya muda. Dada aliniambia wazi kwamba mfumo unaangalia tarehe ya muamala wa mwisho wa mteja, na kama bado inasoma 2017, usiku mfumo ukipita unaweza kuirudisha ilikokuwa. Alishaona watu wakirudi wakilia wameibiwa, kumbe akaunti imelala tena.

Kwa wale ambao miaka yao imekwenda mbali zaidi: akaunti ikikaa miaka 15 bila mteja kuigusa, fedha huhesabiwa kuwa zimetelekezwa na benki huzipeleka Benki Kuu. Haki yako haifi hapo. Unaanzia benki uliyofungulia, kwa vitambulisho na viapo vilevile nilivyoeleza, wao ndio wenye kumbukumbu za kuthibitisha kwamba ni wewe.

Na kama benki yenyewe huioni tena mtaani, tafuta kwanza nani aliichukua. Aliyekuwa na akaunti Twiga Bancorp au Benki ya Wanawake anakwenda TCB, kwani zote mbili ziliunganishwa na TPB mwaka 2018, na TPB ndiyo leo inaitwa TCB. Wa Bank M anakwenda Azania. Benki iliyofutiwa leseni moja kwa moja, kama Efatha, Covenant au FBME, hilo ni suala la Bodi ya Bima ya Amana, ambayo hulipa wenye amana hadi kiwango kilichowekwa kisheria.

Akaunti ya marehemu ina njia yake na hati ya kiapo haitoshi. Shangazi yangu alikwenda benki na cheti cha kifo cha mumewe peke yake, wakamrudisha kwa heshima. Benki inataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mahakama ya mwanzo inamteua baada ya kuona muhtasari wa kikao cha familia na kutoa tangazo la kuruhusu mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya uteuzi msimamizi ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali. Akaunti iliyolala iandikwe humo, hata kama hamjui salio lake, kwa sababu benki italinganisha.