Silva 925, silva ya kuchovya na nikeli silva: uzoefu wangu na bangili tatu hapa Mbeya

Habari zenu, naandika hii kwa sababu kila nikivaa bangili kazini naulizwa ile ile, dada hiyo silva umetoa wapi na ni bei gani, na nikijibu naona mtu kashtuka kwa sababu Mwanjelwa kaona kama hiyo hiyo kwa elfu kumi na mbili. Sasa mi ninazo zote tatu. Ya 925 nilitengenezewa na sonara kwa laki moja na themanini, ya kuchovya nilinunua elfu ishirini na tano, na ya nikeli silva ndo hiyo ya elfu kumi na mbili. Zote ni nene karibu sawa, hazina jiwe, hazina nakshi, na nimezivaa kwa kupokezana kuanzia kipupwe kile cha Juni mpaka mvua zikaja.

Nianze na maneno ya muuzaji maana ndo yanayopoteza watu wengi. Yule kaka aliyeniuzia ya nikeli alinambia "dada hii original, hata uvae miaka haibadiliki kuwa nyeusi". Ni kweli haiwi nyeusi, ila hiyo ndo dalili kwamba silva haimo! Nikeli silva pamoja na jina lake lote haina hata chembe ya madini ya fedha, ni shaba kama asilimia 60, inayobaki ni nikeli na zinki, weupe wote ule unatoka kwenye nikeli. Wengine wanaiita jeman silva au alpaka, kitu ni kile kile. Silva ya kweli inakuwa nyeusi, lazima, kwa sababu fedha inapenda sana salfa ikiikuta hewani, zinaungana zinatengeneza utando, kwanza wa njano kama chai ya rangi halafu kahawia halafu mweusi kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia silva yake haijawahi kufubaa na hajawahi kuisafisha, aidha imepakwa juu rodiamu, madini mengine meupe yasiyofubaa, au sio silva.

Ya 925 maana yake katika sehemu 1000 fedha ni 925, zile 75 mara nyingi ni shaba, inawekwa ili bangili isiwe laini ikapinda ukiegemea meza tu. Yangu ilianza kufubaa haraka kuliko nilivyotegemea na nilikuja kugundua ni kabati, nilikuwa naiweka droo moja na masweta ya sufi (Mbeya bila sweta mwezi wa saba utaenda wapi), na sufi ina salfa yake, na pembeni kulikuwa na raba bendi za nywele, nazo hivyo hivyo. Nikahamishia kwenye kimfuko cha nailoni kile cha kubana mdomo, nikatoa hewa, tofauti naiona mpaka leo. Mayai nayo, ukimenya mayai ya kuchemsha na bangili mkononi utaona mwenyewe jioni.

Kuisafisha ni rahisi mno. Bakuli la plastiki, tandika foili ya alumini chini, weka bangili iguse foili, kijiko cha beking soda ile ya maandazi, mimina maji ya moto sana. Baada ya muda unasikia harufu ya yai viza, usiogope, hiyo ni salfa inatoka kwenye bangili, ule weusi unarudi kuwa fedha hapo hapo badala ya kukwanguliwa ukaenda na maji. Suuza, kausha na kitambaa laini. Ila msiweke yenye lulu au jiwe la kubandikwa kwa gundi. Na dawa ya meno acheni jamani, najua wengi mnaitumia, ile ina mchanga laini inakwangua, kwenye 925 unapata mikwaruzo tu lakini kwenye ya kuchovya unaimaliza.

Sasa ya kuchovya. Hii ina fedha ya kweli juu, ndani ni shaba au brasi au hiyo hiyo nikeli silva. Ukiona imegongwa EPNS ujue ni nikeli silva iliyochovywa fedha kwa umeme. Mwanzo huwezi kuitofautisha kabisa na ya 925, inang'aa vile vile na inafubaa vile vile kwa sababu ngozi ya juu ni fedha. Shida ni unene. Nikapiga hesabu, bangili kama yangu eneo lake la nje lote ni kama sentimita za mraba 20, tuseme wamechovya mikroni 2, yaani unene wa sehemu 2 kati ya 1000 za milimita moja, hiyo fedha yote ukiikusanya ni kama gramu 0.04. Ile ya 925 ina gramu 20 na ushee, fedha safi ndani yake ni gramu 19. Kwa hiyo siku ukikwama ukaenda kwa sonara, ya 925 ataipima na kukulipa kitu, ya kuchovya atakurudishia na kicheko.

Ilipoanza kuchujuka haikuanzia juu pale watu wanapopaona, ilianzia ndani upande wa kifundo cha mkono, panaposuguana na mfupa, na kwenye ukingo unaogonga kibodi ya kompyuta. Ukitaka kujua yako imeanza, ivue mchana iangalie kwa ndani juani, ukiona doa la njano lenye mipaka kama ramani na halitoki kwa beking soda, hiyo sio kufubaa tena, fedha imeisha hapo unaangalia brasi. Yangu iliacha na alama ya kijani mkononi. Kijani hiyo ni shaba na jasho tu, inatoka kwa sabuni, sio aleji. Hata 925 inaweza kukufanyia hivyo kidogo kwa sababu ya ile shaba yake.

Aleji ndo habari nyingine, na hapa ndo naomba msome vizuri wenye watoto wa kike. Mi mwenyewe nikeli hainisumbui. Mdogo wangu ndo muathirika. Kipindi cha baridi aliivaa ile bangili ya nikeli hapa Uyole, juu ya mkono wa sweta, hamna kitu. Akaenda nayo Kyela kwa bibi, mnaijua Kyela joto lake, jasho mwanzo mwisho, siku ya pili kifundo kimevimba vipele vidogo vyenye maji, anajikuna mpaka panachubuka, bibi anasema ni dagaa. Sio dagaa! Jasho lina chumvi, linayeyusha nikeli kidogo kidogo inaingia kwenye ngozi, na mwili ukishaijua nikeli kuwa adui hausahau maisha yako yote. Na vipele havitokei saa ile ile, vinakuja baada ya siku moja au mbili, ndo maana watu wanasingizia chakula au sabuni. Angalia umbo la vipele, vikifuata duara la bangili au viko pale tu kifungo cha suruali kinapogusa kitovu, jibu unalo.

Hapo ya kuchovya ina mtego wake, mtu mwenye aleji ataivaa vizuri kabisa miezi kadhaa, halafu fedha ikishaisha upande wa ndani nikeli inaanza kugusa ngozi, na anashangaa mbona nilikuwa naivaa. Hata ambayo ndani ni brasi mara nyingine wanapaka nikeli kwanza ndo wachovye fedha juu yake. Kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ndani kunasaidia siku chache tu, sherehe moja sawa, ya kila siku hapana.

Kuzitambua kabla hujalipa: muhuri wa 925 uangalie lakini usiuamini peke yake, kugonga namba ni kazi rahisi kuliko zote. Sumaku nayo haikusaidii sana, ikinasa ujue ndani sio silva, ila isiponasa bado hujajua chochote kwa sababu silva, brasi na nikeli silva zote hazinasi. Kilichonipa jibu ni maji. Shemeji yangu ananunua dhahabu Chunya, ana kile kimzani kidogo cha kidijitali, akanionyesha wanavyofanya. Unapima bangili kavu kwanza. Halafu unaweka glasi ya maji juu ya mzani, unarudisha kwenye sifuri, unaifunga bangili na uzi mwembamba unaizamisha yote bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi, unasoma namba. Uzito mkavu gawanya kwa hiyo namba, jibu ndo linakwambia kitu ni kizito mara ngapi kuliko maji ya ujazo ule ule, na kila madini yana namba yake. Ya 925 ilikuja gramu 20.72, kwenye maji ikasoma 2.00, jibu 10.36, na silva ya 925 inatakiwa iwe hapo hapo karibu 10.3 au 10.4. Ya nikeli gramu 17.30 kwa 1.99, jibu 8.69. Ya kuchovya ikaja 8.5, yaani brasi ndani. Mapovu yakinasa kwenye bangili tikisa uzi yatoke, la sivyo namba inadanganya. Na hii njia haifai kwa kitu chenye uwazi ndani au jiwe, wala hereni moja nyepesi, kosa dogo la mzani linaharibu jibu lote.

Kwa hiyo mi maksi zangu ni hivi, pete na bangili ya kila siku 925 hata kama unadunduliza mwaka, kwa sababu ndo zinasuguliwa sana. Ya kuchovya nainunua bila kinyongo kwa kitu kisichosuguka, kidani cha kuvaa juu ya gauni la harusi au fremu ya picha. Nikeli silva kwa trei na vijiko vya wageni ni nzuri sana, ngumu, haipindi, ukiiosha na sabuni na kuikausha inakaa, ila masikioni hapana, kabisa, hasa sikio lililotobolewa juzi ambalo bado ni kidonda.

Na kama tayari una hereni za nikeli unazozipenda usizitupe. Mdogo wangu alikuwa nazo pea moja ndefu za kuning'inia, tukampelekea sonara akabana na koleo akatoa zile kulabu akaweka kulabu za 925, elfu nane pea, tukiwa tumesimama pale pale. Kinachoingia kwenye nyama ni kulabu tu, lile pambo linaning'inia hewani, sasa hivi anashinda nazo hata Kyela, ila kama pambo ni refu linalogusa shingo hiyo dawa haifanyi kazi.